Ukuta wa besimenti: msukumo haukai daima kwenye theluthi

Tuchukue ukuta mmoja tu. Uko Nakuru, kando ya barabara ambako malori husimama kushusha mawe, na unazuia udongo wa kimo cha mita 3. Udongo wa kujazia ni changarawe kavu yenye uzito wa kN 18 kwa mita ya ujazo, na pembe yake ya msuguano ni digrii 30. Mzigo wa barabarani tunauhesabu kuwa kN 10 kwa mita ya mraba, umetandazwa sawasawa.

Dhana: "Mzigo wa juu husukuma sehemu ya juu ya ukuta tu."

Wengi huamini hivi kwa sababu lori liko juu, nao hudhani nguvu yake hufifia kadiri unavyoshuka. Hilo ni kweli kwa gurudumu moja au mzigo wa eneo dogo. Lakini mzigo uliotandazwa juu ya uwanja mpana hauna pa kutawanyikia, kwa hiyo kila tabaka la udongo huubeba mzima. Shinikizo lake kwenye ukuta ni lile lile kutoka juu hadi chini, nalo huchora mstatili. Udongo wenyewe ndio unaochora pembetatu: sifuri juu, kubwa zaidi chini.

Dhana: "Tumia mgawo wa Rankine, theluthi moja, kama kwenye ukuta wowote."

Mgawo ni sehemu ya shinikizo la wima inayogeuka kuwa msukumo wa pembeni. Huu wa theluthi, uliotokana na kazi ya Rankine ya mwaka 1857, unadai ukuta usogee kidogo mbele ili udongo ulegee. Ukuta wa besimenti umeshikwa na slabu juu na msingi chini. Hausogei vya kutosha. Hapo tunatumia mgawo wa udongo uliotulia, ambao kwa kanuni ya Jaky ya mwaka 1944 ni 1 − sin 30°, yaani 0.5. (Udongo ulioshindiliwa sana kwa mashine karibu na ukuta husukuma hata zaidi ya hapo.)

```
Udongo: 0.5 × 0.5 × 18 × 3² = 40.5 kN/m
Mzigo:  0.5 × 10 × 3        = 15.0 kN/m
Jumla:                        55.5 kN/m
```

Kwa theluthi moja jumla ingekuwa 37 tu. Ukuta ungekuwa umenyimwa theluthi ya msukumo wake halisi.

Dhana: "Msukumo wote uko theluthi ya kimo kutoka chini."

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliopata jumla sahihi. Theluthi ni ya pembetatu peke yake. Mstatili una kitovu chake katikati, mita 1.5. Kwa hiyo tunachukua momenti za kila umbo kuhusu chini ya ukuta, kisha tunagawanya kwa jumla:

```
40.5 × 1.0 + 15.0 × 1.5 = 63.0 kNm/m
63.0 / 55.5 = 1.135 m
```

Mgawo wa udongo unazidisha maumbo yote mawili, kwa hiyo haugusi kimo hiki. Ukitumia theluthi au nusu, jibu ni mita 1.135. Kinachokipandisha ni mzigo wa juu ukilinganishwa na uzito wa udongo. Mzigo ukiwa mkubwa mno, kimo hukaribia nusu ya ukuta lakini hakivuki.

Tofauti ya sentimita 13 na nusu kutoka theluthi ya kimo, yaani mita 1, inaonekana ndogo. Hata hivyo, ukichukulia kwamba ukuta umeegemea slabu juu na msingi chini, slabu inabeba 63.0 / 3, yaani kN 21 kwa mita. Aliyeuweka msukumo kwenye theluthi ya kimo atapata 18.5.

Dhana: "Maji yakiingia nyuma ya ukuta, jumla ya msukumo na kimo chake hupanda pamoja."

Maji hayapunguzwi na mgawo wowote. Yakijaa hadi juu, yenyewe husukuma kN 44 kwa mita, ilhali udongo uliozama huhesabiwa kwa takriban nusu ya uzito wake. Jumla inafika karibu 79, lakini kimo kinashuka hadi mita 1.09 hivi, kwa kuwa maji nayo ni pembetatu. Kwenye udongo mweusi unaovimba wa tambarare za Kisumu hesabu hii haitoshi kabisa. Udongo huo usirudishwe nyuma ya ukuta.

Dhana: "Jaza udongo sasa, slabu itamwagwa baadaye."

Kabla ya slabu kuwepo, ukuta huu umeshikwa chini tu. Vyuma vilivyopangwa kwa ukuta ulioegemea juu na chini viko zaidi upande wa ndani, katikati ya kimo. Ukijaza mapema, mvutano unahamia upande wa udongo, chini kabisa, palipo na vyuma vichache. Hata udongo ukilegea hadi mgawo wa theluthi, momenti pale ni 37 × 1.135, yaani kNm 42 kwa mita. Ufa wake hufunguka upande wa udongo, mahali usipoweza kuuona, na dalili unayoipata ni ukuta ulioinama ndani kwa juu. Pima wima wake kwa timazi kabla ya kujaza, na tena kila tabaka likishindiliwa. Ukiona juu kunasogea, simamisha kazi na uutegemeze ukuta kwa mihimili.