Mama anatembea mita ngapi kabla kigimbi hakijaanza kuuma? Maswali ya kupima umbali kwa hatua

Mama yangu ana kisukari, tunakaa Ngamiani, Tanga. Akitembea kidogo kigimbi cha kulia kinabana mpaka asimame. Kliniki wamemwambia aandike anafika mita ngapi, lakini simu yake ni kitochi. Mita atazijuaje?

Mfikishie shikamoo yangu. Atazijua kwa miguu yake mwenyewe, ila kwanza ipimwe hatua yake ina urefu gani. Mnahitaji chaki, futi ya fundi ya mita tano na nusu saa ya asubuhi kabla jua halijawa kali. Barabara za Ngamiani zimenyooka na hazina mlima, kwa hiyo hamna haja ya kwenda mbali. Chagueni kipande ambacho bodaboda hazijachangamka.

Tandaza futi mara nane mfululizo, kila mara ukiweka alama ya chaki, mpate mita 40. Msitumie kamba ya katani iliyopimwa nyumbani. Najua Tanga kamba hazikosekani, lakini katani hubadilika ikilowa na huvutika ukiikaza. Kisha mama aanze kutembea mita tatu au nne kabla ya mstari wa kwanza, na apitilize wa pili bila kupunguza mwendo. Hatua za kuanzia na za kusimamia huwa fupi, zikiingia kwenye hesabu zitaiharibu.

Wewe fuata nyuma yake kidogo, pembeni, uhesabu kimyakimya. Usitembee naye bega kwa bega, maana bila kujua mtaanza kwenda sawa, na hapo utakuwa unapima hatua zako. Hesabu kila mguu unaokanyaga baada ya mstari, kulia na kushoto. Avae viatu anavyotokea navyo kila siku, vyenye kufunika vidole kwa sababu ya kisukari chake, na dera au khanga kama kawaida yake, kwa kuwa nguo inayobana magoti hufupisha hatua. Apumzike vizuri, mrudie hadi zitimie mara tatu.

Tuseme mmepata 74, 76 na 75. Wastani ni 75. Gawanya 40 kwa 75, hatua moja ni karibu sentimita 53. Kama moja imetoka 85, ilikuwa na jambo: amesalimiana na mtu, amekwepa dimbwi, au wewe umeruka namba. Itupeni, mpime nyingine.

Siku ya kipimo chenyewe, ahesabu tangu anapoanza hadi kigimbi kinapoanza kubana, aikariri namba hiyo, kisha aendelee kuhesabu hadi pale anapolazimika kusimama. Ni namba mbili tofauti na zote zina maana kwa daktari. Akisimama kwenye hatua ya 282, zidisha 282 kwa 40, ugawe kwa 75: mita 150. Kwenye daftari aandike hivi: "Mita 150, kigimbi cha kulia, dakika 3 za kutembea, maumivu yaliisha baada ya dakika 2 nikiwa nimesimama."

Hayo maneno ya mwisho msiyaache. Maumivu ya mishipa ya damu iliyobana huja na mwendo na huisha ndani ya dakika chache mtu akisimama tu. Kama hayaishi mpaka akae au ainame mbele, huenda shida inatoka kwenye uti wa mgongo, na daktari atataka kulijua hilo mapema.

Si kuna kanuni ya kuzidisha urefu wa mtu kwa 0.41? Kwa nini tusumbuke na chaki?

Kanuni ipo, na simu nyingi zinaitumia au inayofanana nayo. Inamfaa mtu mzima mwenye afya anayetembea mwendo wake wa kawaida. Mama mwenye sentimita 158 itampa hatua ya sentimita 65. Hatua zake zilezile 282 zingeandikwa mita 183 hivi, wakati ukweli ni 150. Wazee, wanaoumwa miguu na waliopungukiwa hisia kwenye nyayo hutembea kwa hatua fupi kuliko urefu wao unavyodai. Mbaya zaidi ni pale mwezi huu mnapotumia kanuni na mwezi ujao mnapima kwa chaki: daktari ataona amerudi nyuma, kumbe kilichobadilika ni hesabu.

Nikifika mia mbili hivi napoteza hesabu, hasa nikisalimiwa njiani.

Tanga utasalimiwa tu. Hesabu mguu wa kulia peke yake, kazi inapungua nusu: 141 badala ya 282, kisha unazidisha mara mbili. Kwa safari ndefu weka punje za mahindi kwenye mfuko wa kushoto, na kila ukifika 100 za mguu wa kulia hamishia moja mfuko wa kulia. Kwa mwenye hatua ya sentimita 53, punje moja ni karibu mita 107. Tasbihi nayo inafanya kazi hiyo vizuri, kama hutaichanganya na nyiradi zako.

Mwezi uliopita nilifika mita 150, sasa 165. Nimepata nafuu?

Usishangilie bado. Mwenye tatizo hili akipunguza mwendo, maumivu huchelewa. Ndiyo maana tuliandika dakika. Hatua 282 kwa dakika 3 ni 94 kwa dakika. Kama safari hii umekwenda 75 kwa dakika, hizo mita 15 zimetokana na kujivuta. Linganisha siku zenye barabara ileile, viatu vilevile na mwendo uleule, na uangalie vipimo kadhaa, si kimoja. Mita 15 zinaweza kuwa tofauti ya siku na siku. Namba ikipanda kila wiki kwa mwendo usiobadilika, hapo kuna habari ya kumpelekea daktari.

Mimi napenda kutembea ufukweni Raskazone. Namba ya barabarani itafaa?

Haifai. Mchanga mlaini unarudisha mguu nyuma na hatua inafupika. Aliyetumia hatua 75 kwa mita 40 barabarani akatumia 82 mchangani, ana hatua ya sentimita 49. Pima upya palepale, karibu na maji ambako mchanga umeshikamana. Mlima na mzigo kichwani navyo vinabadilisha namba. Na mwenye kisukari asitembee peku ufukweni, hata kama maji yanavutia.

Kuna wakati wa kuacha kupima?

Upo. Kifua kikibana au pumzi ikikata isivyo kawaida, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mguu ukiuma usiku umelala, ukiwa wa baridi au umebadilika rangi kuliko mwenzake, au kukiwa na kidonda hata kidogo kwenye unyayo au vidoleni. Na kwa mama mwenye kisukari, angalieni nyayo zake kila baada ya kutembea hata kama hajalalamika: mishipa ya fahamu ikishaharibika, mguu unaweza kuwa na shida kubwa bila kuuma, na mita nyingi daftarini zisiwe na maana yoyote.