Ukurasa mmoja wa bodi

Ripoti ilikuwa na kurasa 146, na muhtasari wake kurasa saba. Mteja alikuwa mamlaka ya maji ya mji mmoja, na hadidu za rejea zilitutaka tueleze kwa nini maji mengi yanayozalishwa hayaingizi fedha. Tarakimu nimezibadilisha ili mteja asitambulike, ila hesabu ilikwenda hivi hivi. Siku nne kabla ya kikao katibu wa bodi akanipigia simu: kwenye kabrasha la wajumbe tumetengewa ukurasa mmoja tu.

Mshauri mwelekezi akipokea simu kama hiyo huanza kukata. Nami nilifanya hivyo kwa miaka. Unafupisha sentensi, unaunganisha aya, unashusha herufi hadi saizi 9. Unachopata ni ripoti ileile iliyokonda: usuli, mbinu, matokeo, changamoto, na jambo ambalo bodi inatakiwa kuliamua limebanwa kwenye mistari mitatu ya mwisho. Mjumbe anayesoma kabrasha ndani ya gari akielekea kikaoni hafiki huko.

Siku hizi nafungua ukurasa mtupu na kuandika kwanza azimio, kwa maneno ambayo katibu anaweza kuyanakili kwenye kumbukumbu za kikao: "Bodi iidhinishe shilingi milioni 600 za kubadilisha mita 4,000 za wateja katika mwaka huu wa fedha." Sentensi hiyo moja ilinila asubuhi nzima, maana ripoti ilikuwa na mapendekezo 23. Nilimuuliza mkurugenzi mtendaji ni yapi anaweza kuyatekeleza bila ruhusa ya bodi. Akahesabu 19. Hayo yote yakatoka, yakabaki kwenye ripoti kwa ajili ya menejimenti. Matatu mengine yalikuwa bado yanasubiri takwimu. Likabaki moja.

Azimio likishakaa juu ya ukurasa, kila sentensi inayofuata naiuliza swali moja: nikiiondoa, mjumbe atakosa sababu ya kukubali au ya kukataa? Historia ya mamlaka ikatoka. Maelezo ya jinsi tulivyokusanya takwimu yakatoka. Sentensi nyingine hazikuhitaji kutoka, zilihitaji kusema kitu. Kwenye kurasa saba tulikuwa tumeandika hivi: "Tathmini ilibaini kuwa upotevu wa maji umeendelea kuwa changamoto kutokana na sababu mbalimbali, zikiwemo uchakavu wa miundombinu na usahihi mdogo wa mita." Mpya ikawa: "Kati ya kila lita 100 tunazosukuma, takriban 38 hazilipiwi. Nyingine zinavuja njiani, nyingine zinamfikia mteja lakini mita yake chakavu haizihesabu."

Mgawanyo huo ndio uliobeba hoja yote. Maji yanayovuja yanaigharimu mamlaka umeme na dawa za kuyatibu, lakini yale yasiyohesabiwa yangeuzwa kwa bei kamili. Tulikadiria kwamba mita mpya zitaongeza yuniti 1,000 kwa siku kwenye ankara. Kwa shilingi 1,500 kwa yuniti, hiyo ni milioni 1.5 kwa siku, na wateja wakilipa ankara zao, milioni 600 zinarudi kwa takriban miezi 13. Mjumbe ambaye si mhandisi anaweza kuihesabu mwenyewe pembeni ya karatasi, na ndivyo ninavyotaka.

Neno nisilolikata kamwe ni "takriban". Katika kazi moja ya nyuma nililifuta ili mstari utoshe, na mjumbe aliyewahi kusimamia mitambo akauliza tulipima vipi. Baadhi ya mita kuu, zile zinazopima maji yote yanayosukumwa, zilikuwa hazifanyi kazi, jambo lililoandikwa ndani kabisa ya ripoti lakini halimo kwenye ukurasa wake. Ajenda ikaahirishwa hadi robo iliyofuata. Kwa hiyo safari hii tahadhari nikaipa nafasi yake: "Asilimia 38 ni makadirio, kwa kuwa mita kuu mbili kati ya tano ni mbovu. Hesabu ya mita za wateja haitegemei makadirio hayo. Imetokana na mita 200 tulizozitoa kwa wateja na kuzipima kwenye karakana." Mistari mitatu kwenye ukurasa mmoja ni mingi, lakini ukiifuta unakuwa umemficha mjumbe kitu alichopaswa kukijua kabla ya kunyoosha mkono.

Kabla ya kuutuma, nilimpa ukurasa mhasibu wa ofisi ya jirani, asiyejua lolote kuhusu mradi. Baada ya dakika mbili nikauchukua na kumuuliza anaombwa nini, kwa shilingi ngapi, na nini kinaweza kuwa kimekosewa. La tatu alisita. Niliisogeza ile tahadhari kutoka mwisho wa ukurasa hadi chini ya hesabu ya miezi 13, kisha nikalinganisha kila tarakimu na jedwali lake kwenye ripoti.

Bodi iliidhinisha mita 2,000 kwanza, ikaagiza zile mita kuu mbili zitengenezwe kabla ya awamu ya pili.