Nakala isiyo na nywila: namna ya kuondoa kufuli kwenye PDF yako kabla ya kuituma

Mwalimu mmoja wa sekondari alifika kwenye dawati letu la TEHAMA na malalamiko ambayo tunayasikia karibu kila mwisho wa mwezi. Alikuwa anaomba mkopo kwenye chama chake cha akiba na mikopo, akatakiwa kupeleka taarifa za akaunti za miezi mitatu. Benki ilikuwa imemtumia mafaili matatu ya PDF kwa barua pepe, kila moja likiwa na nywila. Akayarusha kwa WhatsApp kwenye duka la steshenari ili yachapishwe. Kijana wa dukani akamjibu: "Mwalimu, yanadai neno la siri." Naye akamwandikia pale pale: mwaka wake wa kuzaliwa, ukifuatwa na tarakimu nne za mwisho za akaunti yake.

Mafaili yakafunguka. Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii ni lile neno alilolituma. Benki nyingi hutengeneza nywila ya taarifa kwa kanuni isiyobadilika: tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, au sehemu ya namba ya akaunti. Neno lililofungua taarifa ya Aprili ndilo litakalofungua ya Mei, ya Juni, na ya mwakani. Kwa hiyo mwalimu hakutoa ruhusa ya kusoma mafaili matatu tu. Alitoa ufunguo wa mafaili yote, na juu yake akaongeza mwaka wake wa kuzaliwa na kipande cha namba ya akaunti. Ushauri wangu kwake ndio ninaoutoa hapa: nywila ibaki kwako, umpe mtu nakala isiyo na nywila ya faili lile tu analolihitaji.

Kuna watu wanaohisi kwamba kuondoa nywila ni kama kuvunja kufuli la benki. Sivyo. Faili ni lako, nywila umepewa wewe, na unachofanya ni kufungua kwa ufunguo wako kisha kuandika nakala nyingine. Hapa hatuzungumzii mtu asiyejua nywila. Kama umeisahau, omba benki ikuelekeze au ikutumie taarifa mpya.

Inafaa kwanza kuelewa kufuli lenyewe likoje, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Nywila ya kufungulia PDF si mlango uliowekwa mbele ya maandishi yaliyo wazi. Maandishi na picha zilizomo ndani zimevurugwa kwa hesabu maalumu, na ukilitazama faili bila nywila unaona takataka tu. Programu inapopewa nywila sahihi huyapanga upya kwenye kioo, lakini faili lililo kwenye diski linabaki limevurugwa kama lilivyokuwa. Ndiyo sababu kubadilisha jina la faili hakusaidii, kulihamishia folda nyingine hakusaidii, na hata kulifungua kwenye kivinjari kisha kubofya alama ya kupakua hakusaidii: utapata faili lile lile na kufuli lake. Ili nywila iondoke, ni lazima faili jipya liandikwe.

Njia ya kwanza haihitaji kusakinisha chochote kama kompyuta ina Chrome. Buruta faili uliweke kwenye dirisha la Chrome, andika nywila, subiri kurasa zionekane. Kisha bonyeza vitufe vya Ctrl na P kwa pamoja. Kwenye dirisha la kuchapisha, sehemu iliyoandikwa `Destination`, usichague printa. Chagua `Save as PDF`, ubofye `Save` na ulipe faili jina jipya. Mwalimu wetu aliyaita `aprili-wazi.pdf`, `mei-wazi.pdf` na `juni-wazi.pdf`, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu ukitumia jina lile lile unaweza kufuta faili halisi bila kukusudia. Lile lenye kufuli litunze siku zote.

Ujue tu kwamba kwa njia hii unachapisha, ila badala ya karatasi unachapisha kwenye faili. Kilichoonekana ukurasani kitafika. Visivyochapishika vinaweza kupotea, kama vile viungo vya kubofya, orodha ya sura iliyo pembeni, na visanduku vya kujaza. Kwa taarifa ya benki hilo halina madhara. Lakini kagua kingo za kurasa, hasa safu ya salio iliyo kulia kabisa, kuona kama haikukatwa. Pia wakati mwingine maandishi hugeuka picha. Ukitaka kujua, fungua nakala mpya, bonyeza Ctrl na F, utafute jina lako. Lisipopatikana ilhali unaliona kwa macho, basi ni picha, na afisa wa mikopo anayetumia programu ya kusoma miamala anaweza kuirudisha.

Kwenye simu njia hii ya kuchapisha huweza kukwama, kwani mfumo wa kuchapisha wa simu unaweza kulikataa faili lenye kufuli. Ikitokea hivyo, usihangaike nayo. Tafuta kompyuta unayoiamini.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda mwenyewe, kwa sababu haichapishi. Inasoma faili, inarudisha kila kipande kwenye hali yake ya wazi, na kuandika nakala ambayo kurasa, viungo na maandishi yake ni yale yale. Programu inaitwa qpdf. Ni ya bure, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti hata kidogo. Kwenye Ubuntu unaisakinisha kwa `sudo apt install qpdf`, kwenye Mac yenye Homebrew kwa `brew install qpdf`, na kwa Windows kuna faili la kusakinisha kwenye ukurasa wa mradi wenyewe ulioko GitHub. Fungua dirisha la kuandikia amri ndani ya folda yenye mafaili yako, kisha andika hivi, ukiweka nywila yako mahali pa hii ya mfano:

```
qpdf --password=19873046 --decrypt mei.pdf mei-wazi.pdf
```

Jina la kwanza ni la faili lililofungwa, la pili ni la nakala itakayoandikwa. Mambo yakienda sawa, qpdf haisemi neno; inamaliza kimya na faili jipya linaonekana kwenye folda. Ikijibu `invalid password`, tazama kwanza herufi kubwa na ndogo, halafu nafasi iliyojipenyeza uliponakili nywila kutoka kwenye ujumbe. Nywila yenye alama kama `&` au `$` nayo huleta shida, maana dirisha la amri lina maana zake kwa alama hizo. Kwenye Windows, dirisha la Command Prompt, zungushia nywila alama ya kunukuu `"` pande zote mbili. Kwenye Mac na Linux tumia alama `'`.

Amri uliyoiandika hubaki kwenye kumbukumbu ya dirisha hilo, pamoja na nywila yake. Kwenye kompyuta yako si tatizo kubwa. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wanne, ni tatizo, na hapo ni afadhali utumie njia ya Chrome.

Usiamini kwamba nywila imeondoka kwa sababu tu faili limefunguka. Baadhi ya programu hukumbuka nywila uliyoandika dakika tano zilizopita na kukufungulia kimya kimya. Mwalimu alifungua nakala yake, ikafunguka, akatabasamu. Nikamwomba aifungue kwenye kompyuta nyingine, ambayo haijawahi kuona faili hilo. Hicho ndicho kipimo. Mwenye qpdf anaweza kuuliza moja kwa moja:

```
qpdf --show-encryption mei-wazi.pdf
```

Jibu unalolitaka ni `File is not encrypted`. Baada ya hapo linganisha idadi ya kurasa na ya faili halisi, halafu salio la mwisho. Ni kazi ya nusu dakika kwa kila faili.

Kuna hali moja ambapo sitakushauri uondoe nywila, nayo ni pale faili lilipotiwa saini ya kidijitali. Siongelei mhuri au saini iliyopigwa picha, bali saini ambayo Adobe Reader huitaja kwenye upau wa juu mara faili linapofunguliwa. Saini hiyo hulinda faili kama lilivyoandikwa, baiti kwa baiti. Ukiandika nakala mpya, kwa Chrome au kwa qpdf, saini haitathibitika tena, na anayepokea anaweza kudhani umebadilisha tarakimu. Ukiombwa faili la namna hii, mpelekee mhusika lile halisi, na nywila umpe kwa njia nyingine, mathalani kwa kumpigia simu. Au nenda kwake ana kwa ana ulifungue mwenyewe.

Utakutana pia na tovuti zinazosema zitakuondolea nywila bure: pakia faili, andika nywila, pakua nakala. Kazi wanaifanya kweli. Lakini fikiria ulichowapa: taarifa yako ya mshahara na matumizi, pamoja na neno linalofungua taarifa zako zote zijazo. Vyote viwili viko kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, na huna namna ya kuhakikisha vimefutwa. Hilo ni kosa lile lile la steshenari, kubwa zaidi. Kazi inayoweza kufanyika kwenye kompyuta yako bila intaneti isipelekwe huko.

Kama njia ya kutuma inakutia wasiwasi, lakini hutaki kutoa nywila yako ya kudumu, badilisha kufuli badala ya kuliondoa. Amri hii inafungua kwa nywila ya zamani na kufunga kwa mpya, ambayo utaitumia mara hii moja tu:

```
qpdf --password=19873046 --encrypt Mbuyu-62-kiti Mbuyu-62-kiti 256 -- mei.pdf mei-mpya.pdf
```

Nywila mpya imeandikwa mara mbili kwa sababu PDF ina nafasi mbili za nywila: moja ya kufungulia na nyingine ya kusimamia ruhusa kama za kuchapisha na kunakili.

Nakala ya wazi ikishatoka mkononi mwako, yeyote atakayeipata ataisoma. Kwa hiyo iandike siku ile ile unayoihitaji, si wiki moja kabla, na utume mwezi ulioombwa tu. Mwalimu alirudi steshenari na mafaili yake matatu ya wazi kwenye flashi, yakachapishwa moja kwa moja kutoka humo. Yale ya kwanza, yaliyotumwa kwa WhatsApp, yalikuwa bado kwenye folda ya `Downloads` ya dukani, na nywila ilikuwa bado kwenye mazungumzo. Kufuta ujumbe kwa wote kwenye WhatsApp hakufuti faili lililokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta. Alimwomba yule kijana ayafute akiwa amesimama pale, kisha amwage na `Recycle Bin`. Nyumbani alifuta nakala zake za wazi mara tu chama kilipothibitisha kuzipokea, na wiki iliyofuata akaenda benki kuuliza kama anaweza kubadilishiwa nywila ya taarifa zake.