Tebo ya saba kwa mizani ya utenzi, na pale ilipoharibika

Mimi nafundisha hesabu gredi ya nne hapa Lamu, na tebo inayowatesa watoto kila mwaka ni ya saba. Ya mbili, ya tano na ya kumi wanazishika wenyewe. Sasa nyimbo nyingi za tebo ni ngazi tu, saba, kumi na nne, ishirini na moja, mtoto anapanda mpaka juu vizuri kabisa, lakini ukimuuliza saba mara nane unaona midomo inacheza na vidole vinahesabika chini ya deski, manake ameanza tena kutoka chini. Huyo hajui saba mara nane, anajua wimbo.

Kwa hivyo nilitaka kila jibu liwe na mstari wake unaosimama peke yake, na mizani nikachukua ya utenzi, vipande vya mizani nane nane, hizo watoto wa huku wanazo masikioni tangu wadogo. Mizani nane ni makofi manne. Mimi natoa kipande cha kwanza, wao wanajibu cha pili bila kukatika.

Shida ikaja kwenye vina. Hebu angalia namba zetu zinavyoishia: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zenye kina kimoja ni nne na nane peke yake! Kwa hivyo swali na jibu havitafanya vina vyenyewe, lazima utie neno katikati linalovuta tarakimu ya mwisho ya jibu. Mfano:

Saba sita, pilipili
arubaini na mbili

Hesabu: sa-ba-si-ta-pi-li-pi-li, nane. A-ru-ba-i-ni-na-mbi-li, nane. Nilifurahi kweli, nikaenda nao darasani, na siku ya kwanza tu ukavunjika, kwa sababu watoto hawasemi arubaini, wanasema arbaini, wakamaliza mizani moja kabla ya kofi na darasa zima likayumba. Usibishane na mdomo wa mtoto. Nikatia "ni" mbele, ni arbaini na mbili, ikakaa sawa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Saba nne niliwapa "tushindane", na nusu ya darasa wakajibu ishirini na nne badala ya ishirini na nane. Si wajinga, kina chenyewe ndicho kiliwapoteza, -ne inaita nne na nane zote mbili. Nikabadilisha ikawa "tuonane", humo ndani nane iko nzima unaisikia, na lile kosa likapungua wiki hiyohiyo. Tangu hapo kila neno nalipima hivyo: je, kuna namba nyingine inaweza kuitika hapa? Ikiwepo nalitupa hata likiwa tamu vipi.

La tatu, mtoto aliyeshika saba sita ukimgeuzia sita saba anakutazama tu kama hujawahi kumfundisha. Nikaweka sheria, namba ndogo mbele siku zote, ukiulizwa kubwa kwanza unageuza kimyakimya ndipo unajibu. Hii sheria huwezi kuwalazimisha kabla hawajaona kwa macho kwamba mitungo saba ya samaki sita sita ni sawa na mitungo sita ya samaki saba saba, sisi tulipanga kwa kombe sakafuni. Wimbo hauwaonyeshi hilo hata kidogo.

Baada ya hayo yote ukawa hivi:

Tatu saba, ngoja ngoja
ni ishirini na moja

Nne saba, tuonane
ni ishirini na nane

Sita saba, pilipili
ni arbaini na mbili

Saba saba, ya Mombasa
ni arbaini na tisa

Saba nane, tumepita
ni hamsini na sita

Saba tisa, njoni watu
hizo sitini na tatu

(Hiyo "hizo" ni kiraka, najua, "ni" peke yake inaacha mizani saba.) Nafundisha jozi mbili kwa wiki, na sizipangi kwa mfuatano hata siku moja, la sivyo zinageuka ngazi tena.

Wakizoea naanza kulitoa lile neno la katikati: nasema "sita saba" halafu napiga makofi mawili bila kusema kitu, wao wanajibu. Hapo ndipo najua nani ameshika na nani alikuwa akifuata sauti ya jirani. Mmoja juzi, nimepiga makofi yangu mawili nikamtazama yeye, akasimama wima kabisa, akajibu kwa sauti: "Pilipili, mwalimu!"