Kuwekwa "High" si kutengewa: Shares na Reservation kwenye vSphere

Maofisini hapa Lubumbashi nasikia kila mara: "Idara ya fedha tumeiweka High, kwa hiyo nguvu yake haiguswi." Sivyo.

Kwa kifupi, vSphere ni mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoishi ndani ya serveri halisi. Resource Pool ni fungu la CPU na memori linalokatwa kwenye klasta nzima, yaani kundi la serveri zinazotumika pamoja, na mashine pepe za idara zinawekwa ndani yake. Reservation ni kiwango cha chini ambacho fungu limehakikishiwa, kwa GHz au GB. Shares ni uzito tu wa kugawana, wenye ngazi za High, Normal na Low, na uzito huo hautumiki mpaka wote wagombanie. Klasta ikiwa na nafasi, aliye Low anapata anachotaka sawa na aliye High.

Tatizo kubwa liko kwenye kugawana kwenyewe. High, Normal na Low zinasimama kama 4 kwa 2 kwa 1. Kwa CPU ya fungu ni 8000, 4000 na 2000. Lakini uzito huo ni wa fungu, haupewi kila mashine iliyomo.

Chukua klasta yenye GHz 40. Fedha ni High, ina mashine 16. Mafunzo ni Low, ina mashine 2. Zote ni sawa, kila moja ina CPU pepe 2 na inaweza kula GHz 5. Mwisho wa mwezi mishahara inapigwa, na siku hiyohiyo Mafunzo nao wanafanyisha mtihani. Fedha inapata 8000 kati ya 10000, yaani GHz 32, na Mafunzo GHz 8. Sasa gawa ndani: kila mashine ya Fedha inabaki na GHz 2, na kila mashine ya Mafunzo ina GHz 4. Aliyeitwa mkubwa anakula nusu ya mdogo! Utaliona kwenye `esxtop`, amri ya kutazama matumizi ya serveri: safu ya `%RDY` ya mashine za Fedha inapanda, maana zina kazi mkononi lakini zinangoja CPU.

Kuanzia vSphere 7 kuna Scalable Shares, inayokuza uzito wa fungu kadiri mashine zinavyoongezeka. Haijiwashi yenyewe.

Reservation ni jambo jingine. Ukiipa Fedha GHz 20, CPU isiyotumika wengine wanaiazima, na mwenyewe akiihitaji inarudi. Ila hakuna idara nyingine inayoweza kutengewa GHz hizohizo, kwa hiyo ukitenga kila mahali, siku moja mashine mpya yenye Reservation yake itakataa kuwaka, na serveri zenyewe zimekaa bure.

Basi ndugu zangu wakuu wa idara, mkitaka uhakika msituombe "High". Tuambieni ni GHz ngapi kazi yenu haiwezi kupungukiwa siku ya mishahara, tuziandike kwenye Reservation. Na mkiongeza mashine, tujulisheni, maana hesabu ya Shares inabadilika siku hiyohiyo.