Joto ni lilelile, jasho halikauki: dhana potofu kuhusu joto la balbu nyevu

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba nyuzi 38 za Selsiasi ni nyuzi 38 popote pale, hewa iwe kavu au nyevu. Kipimajoto cha kawaida ndicho kinachotupoteza hapa, kwa kuwa hupima joto la hewa tu na hakisemi lolote kuhusu jasho. Ukikifunga balbu yake kwa kitambaa chembamba kilicholowa maji na kukipepea, maji yatakauka, na yakikauka yataondoka na joto, hivyo kipimo kitashuka hadi mahali fulani na kutulia. Kipimo hicho ndicho joto la balbu nyevu, na kwa kweli kile kitambaa kinafanya kazi ileile ya ngozi inayotoka jasho.

Tuchukue siku mbili, zote zenye nyuzi 38. Ya kwanza ina unyevuanga wa asilimia 20, na balbu nyevu inashuka hadi nyuzi 21 hivi. Ya pili ina asilimia 70, na balbu hiyo inakwama karibu na 33. Kwa kuwa hewa ya siku zote mbili ina joto kuliko ngozi, ambayo huwa karibu na nyuzi 35, mwili hauna njia nyingine ya kupoa isipokuwa jasho kugeuka mvuke. Siku ya pili hewa imekwisha kushiba mvuke kiasi kwamba nguvu inayovuta unyevu kutoka kwenye ngozi imebaki takriban robo ya ile ya siku ya kwanza.

Hapo ndipo inapozuka dhana ya pili, kwamba anayechuruzika jasho anapoa vizuri. Ukweli ni kinyume chake: lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto ambalo mwili uliopumzika hulizalisha kwa saa sita au saba, lakini tone linaloanguka chini limepoteza maji na chumvi bila kupoza chochote. Siku kavu mtu huweza kudhani hatoki jasho kabisa, kumbe linakauka kabla halijaonekana. Hatari yake, nayo si ndogo, ni kuishiwa maji bila kujua.

Wengine wamesikia kwamba kikomo cha binadamu ni nyuzi 35 za balbu nyevu, wakahitimisha kuwa 33 ni salama. Kikomo hicho kilitokana na hesabu za nadharia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walipowapima vijana wenye afya katika vyumba vya majaribio, waliona mwaka 2022 kwamba kwenye hewa nyevu joto la ndani ya mwili lilianza kupanda bila kutulia karibu na nyuzi 31, ingawa vijana hao walikuwa wakifanya kazi nyepesi tu. Kwa wazee, ambao tezi zao za jasho zimepungua nguvu, mpaka huo uko chini zaidi.