Sindano ikitoka kavu, uloto haujawa mtupu: aspireti, trefaini na maana ya selulariti

Mgonjwa anayeambiwa atapimwa uloto, ambao wengine huuita uboho, hudhani ni kipimo kimoja. Kwa kawaida ni sampuli mbili zinazochukuliwa mahali pamoja, siku moja, pengine kwa ganzi ileile, lakini kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza ni aspireti, yaani uloto wa majimaji unaovutwa kwa bomba la sindano. Ya pili ni trefaini, kijiti chembamba cha mfupa kinachokatwa na kutolewa kizima, uloto ukiwa bado umo ndani yake.

Fikiria sega la asali. Ukilikamua utaionja asali na kujua kama ni nzuri au imechacha, ila hutajua vyumba vingapi vilikuwa vimejaa na vingapi vilikuwa vitupu. Kwa hilo unahitaji kipande cha sega lenyewe. Aspireti ni asali iliyokamuliwa. Trefaini ni kipande cha sega.

Zote mbili huchukuliwa nyuma ya nyonga, kwenye kingo ya mfupa inayopapasika juu kidogo ya tako. Mgonjwa analala ubavu, magoti ameyakunja. Ganzi inachomwa kwenye ngozi, kisha kwenye utando unaofunika mfupa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanatia dawa nyingi kwenye ngozi na kidogo kwenye utando, ilhali utando ndio wenye maumivu. Hata ganzi ikiwa imefanya kazi vizuri, wakati wa kuvuta mgonjwa atasikia maumivu makali ya sekunde chache, kwa sababu ganzi haifiki ndani ya mfupa. Ni vyema aambiwe mapema. Kifua nacho kinaweza kutoa aspireti kwa mtu mzima, ila trefaini haifanywi kifuani kamwe: mfupa ule ni mwembamba, na nyuma yake upo moyo na mishipa mikubwa.

Mvuto wa kwanza wa aspireti uwe mdogo, kati ya mililita 0.2 na 0.5, na huo ndio wa kusambaza kwenye slaidi. Ukivuta mililita 2 kwa mkupuo mmoja, damu ya kwenye mishipa inaingia na kuzimua uloto. Mililita zaidi za vipimo vya vinasaba na alama za seli zinavutwa baadaye, katika bomba jingine. Dalili ya mvuto mzuri inaonekana kwa macho: ukiinamisha slaidi, damu inateremka na kuacha punje ndogo za kijivu zenye mng'ao wa mafuta. Hizo punje ndizo uloto. Zisipokuwepo, huenda ulichonacho ni damu tu, na mwanapatholojia ataliona hilo chini ya darubini pale mchanganyiko wa seli unapofanana mno na ule wa damu ya mkononi.

Kwenye slaidi nzuri seli zimetandazwa moja moja, na kiini na madoa ya ndani yanaonekana wazi. Hapo mtaalamu huhesabu seli 500 na kusema ni asilimia ngapi ni blasti, yaani seli changa kabisa. Hesabu hii ndiyo huamua mengi katika lukemia kali. Anaona pia kama chembe nyekundu zinakua vibaya kwa kukosa vitamini B12, kiasi cha chuma kilichohifadhiwa, hata vimelea vya kala-azari ndani ya seli kwa mgonjwa aliyetoka Baringo au Turkana. Majibu ya awali yanaweza kupatikana siku hiyohiyo.

Trefaini huchukua muda. Kijiti kinatakiwa kifike sentimita 2 kwa mtu mzima, kinatiwa kwenye fomalini, kisha kinalainishwa ili chokaa ya mfupa itoke na kiweze kukatwa vipande vyembamba. Ukilainisha kwa asidi kali ili uharakishe, unaua vinasaba na baadhi ya alama ambazo rangi maalumu zingezishika. EDTA, dawa nyingine ya kuondoa chokaa, ni ya polepole lakini haiharibu sana. Faida ya kungoja ni kuona mpangilio: seli zimekaa wapi, zimejikusanya au zimetawanyika, kuna nyuzi, uvimbe wa kifua kikuu, limfoma, au saratani iliyotoka kwenye tezi dume au titi.

Na hapa ndipo selulariti inaposomwa. Ni sehemu ya nafasi ya uloto inayokaliwa na seli zinazotengeneza damu, ikilinganishwa na ile inayokaliwa na mafuta. Mfupa wenyewe hauhesabiwi. Mtoto mchanga ana uloto uliojaa karibu wote. Kadiri miaka inavyokwenda mafuta yanachukua nafasi. Kanuni ya haraka ni 100 utoe umri: mtu wa miaka 30 anatarajiwa kuwa na kama 70%, wa miaka 70 kama 30%. Ni makadirio tu, lakini bila umri namba ya selulariti haina maana. Asilimia 40 kwa mzee ni kawaida, kwa mtoto wa miaka 5 ni tatizo.

Mtego mmoja: uloto ulio chini tu ya gamba gumu la nje la mfupa huwa na mafuta mengi hata kwa mtu mzima wa afya. Kijiti cha milimita 6 kinaweza kuwa gamba na eneo hilo tu, na mtu akakisoma na kutangaza uloto umekauka. Jibu sahihi hapo ni kwamba sampuli haitoshi.

Sasa chukua mfano wa mwanaume wa miaka 60. Hemoglobini 7.2, seli nyeupe 3.1, chembe sahani 70, bandama kubwa. Kwenye damu yake kuna chembe nyekundu zenye umbo la chozi. Daktari anavuta aspireti, hakitoki kitu. Anabadili pembe, bado kavu. Damu imepungua na sindano ni kavu, kwa hiyo ni rahisi kuhitimisha kwamba uloto umekwisha. Trefaini inakuja na habari tofauti. Selulariti ni 85%, wakati inayotarajiwa ni kama 40%. Megakariosaiti, seli kubwa zinazozaa chembe sahani, zimejikusanya makundi makundi, na rangi ya retikulini inaonyesha wavu mnene wa nyuzi. Uloto umejaa kupita kiasi, ila nyuzi zimeushika kiasi kwamba sindano haiwezi kuunyonya. Picha hii inaelekea kwenye ugonjwa wa uloto kugeuka nyuzi, nao huthibitishwa kwa vipimo vya vinasaba kama JAK2, ambacho hufanyika hata kwa damu ya mkononi.

Angekuwa kijana wa miaka 25 mwenye damu pungufu vilevile, na kijiti kizuri kikaonyesha 10% huku nafasi iliyobaki ikiwa mafuta matupu, tungekuwa tunazungumzia uloto ulioacha kuzalisha. Aspireti za wawili hawa zingeweza kufanana kabisa: damu kidogo, punje hakuna.

Kwa hiyo aspireti ikikauka, kabla kijiti hakijaingia kwenye fomalini, kibingirishe taratibu juu ya slaidi mbili au tatu safi bila kukikandamiza. Seli zitaacha alama, nazo zitapakwa rangi kama aspireti ya kawaida. Hazitoshi kwa hesabu kamili kila mara, lakini blasti zikiwa nyingi zitaonekana siku hiyohiyo. Hesabu ya blasti kwenye kijiti inakuja baadaye, kwa rangi ya CD34, alama inayobebwa na seli changa.